Asilimia 65 na pasentaili 84: kila namba kwenye ripoti ya mtihani sanifu inasema nini

Mtahiniwa mmoja amefanya karatasi mbili za mtihani sanifu, Hesabu na Ufahamu. Hesabu ilikuwa na maswali 60, naye akapata 39. Ufahamu ulikuwa na maswali 50, akapata 41. Ripoti inapofika, safu ya kwanza inasema Hesabu asilimia 65, Ufahamu asilimia 82. Safu ya pili inasema Hesabu pasentaili 84, Ufahamu pasentaili 41.

Namba zote nne ni sahihi. Hata hivyo, anayesoma safu ya kwanza ataamini kwamba mtahiniwa huyu anaweza Ufahamu na anayumba kwenye Hesabu, na anayesoma safu ya pili ataamini kinyume chake. Tukitaka kujua aishike safu ipi, na kwa uamuzi upi, lazima kwanza tuone kila namba imetokana na nini.

## Asilimia hutazama karatasi

Asilimia ni hesabu fupi: 39 gawanya kwa 60, zidisha kwa 100, unapata 65. Haimhitaji mtahiniwa mwingine yeyote. Hata kama mtu huyu angefanya mtihani peke yake duniani, ingebaki 65. Inakuambia ameimudu sehemu gani ya karatasi aliyowekewa mbele yake, basi.

Tatizo lake liko hapohapo kwenye karatasi. Watunga mtihani wakiondoa maswali sita mepesi ambayo aliyapata, wakaweka sita magumu ambayo hayawezi, mtu yuleyule mwenye ujuzi uleule atapata 33 kati ya 60, yaani asilimia 55. Hakusahau chochote, ila karatasi imebadilika. Kwa sababu hiyo 65 ya Hesabu na 82 ya Ufahamu haziwezi kupimwa bega kwa bega, kwa kuwa hakuna kinachotuhakikishia kwamba karatasi hizo mbili zina ugumu mmoja. Tena mtihani unaotungwa ili kuwatenganisha watahiniwa hujazwa makusudi maswali ambayo wengi watayakosa. Swali wanalolipata wote, au wanalolikosa wote, halimtenganishi mtu na mwenzake, hivyo halina kazi kwenye karatasi ya aina hiyo. Aliyezoea mitihani ya darasani, ambako 65 ni matokeo ya kawaida, huisoma vibaya 65 ya mtihani wa namna hii.

Angalia pia kama asilimia hiyo ni ya maswali au ya alama. Kwenye JEE Main, mtihani wa India wa kuingia vyuo vya uhandisi, jibu sahihi huongeza alama 4 na kosa hupunguza 1. Mtu aliyepata maswali 50 kati ya 75, akakosa 20 na kuacha 5, ana alama 200 toa 20, yaani 180 kati ya 300. Kwa alama ana asilimia 60, lakini kwa maswali ana karibu asilimia 67. Ripoti isiyoeleza ni ipi kati ya hizo mbili inakuachia namba ambayo huwezi kuitumia kwa uhakika.

## Pasentaili hutazama watu

Pasentaili haijali ulipata maswali mangapi, mradi tujue nani amepata machache kuliko wewe na nani amepata mengi. Tuseme karatasi za mtahiniwa wetu zilifanywa na watu 200, yeye akiwemo. Kwenye Hesabu, watu 168 walipata chini ya 39, watu 8 walipata 39 kamili (yeye ni mmoja wao), na 24 walipata zaidi. Chukua 168, gawanya kwa 200, zidisha kwa 100, unapata 84. Maana yake ni kwamba amewapita watu 84 katika kila 100 waliofanya karatasi hiyo. Haina maana kwamba amepata maswali 84 katika kila 100.

Kwenye Ufahamu, watu 82 walipata chini ya 41, watu 20 walipata 41 kamili, yeye akiwemo, na 98 walipata zaidi. 82 gawanya kwa 200 ni 41. Karatasi ilikuwa rahisi na karibu kila mtu aliifanya vizuri, kwa hiyo asilimia 82 imemweka nyuma ya karibu nusu ya wenzake.

Sasa waangalie wale 20 waliopata 41 kamili. Tumewaacha nje kwa sababu tumehesabu walio chini tu, lakini si kila mtihani unahesabu hivyo. Ziko njia tatu zinazotumika, na kwa mtahiniwa huyuhuyu zinatoa majibu haya:

| Njia ya kuhesabu | Hesabu | Ufahamu |
|---|---|---|
| Walio chini yake tu | 84 | 41 |
| Walio chini pamoja na waliolingana naye | 88 | 51 |
| Walio chini pamoja na nusu ya waliolingana naye | 86 | 46 |

Kwenye Ufahamu tofauti kati ya njia ya kwanza na ya pili ni pointi 10, na inatosha kumvusha mtu kutoka chini ya nusu hadi juu ya nusu. Imetokana na wingi wa waliofungana. Watu wengi wanapojazana kwenye alama moja, uchaguzi wa njia unakuwa na uzito mkubwa. Wanapotawanyika, kama kwenye Hesabu hapa, tofauti inapungua.

Mitihani mikubwa haikubaliani juu ya jambo hili. GRE, unaotumiwa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza, huhesabu walio chini tu. SAT, wa kuingilia vyuo nchini Marekani, huhesabu walio chini pamoja na waliolingana. JEE Main nao hufanya kama SAT. Athari yake huonekana wazi pale juu kabisa. Kwenye sehemu ya hesabu ya GRE, mtu aliyepata 170, ambayo ndiyo alama ya mwisho, haonyeshwi pasentaili 99, kwa sababu waliopata 170 ni wengi na hakuna kati yao anayehesabiwa kuwa chini ya mwenzake. Kwenye JEE Main, aliyeongoza kila zamu ya mtihani hupewa pasentaili 100 kamili, hata kama aliacha maswali kadhaa. Anayesoma 100 hiyo kama "amepata yote" amekosea, kama anavyokosea anayedhani mwenye 170 ya GRE aliteleza mahali fulani.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta kwenye maelezo madogo ya chini ya ripoti ni sentensi inayosema pasentaili imehesabiwa vipi. Safu yenyewe inaweza kuandikwa `Percentile`, `%ile`, `PR` au `% Below`. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopotosha zaidi, kwa kuwa ina alama ya asilimia na jicho lenye haraka huiona asilimia tu. Neno linalofuata ndilo linalokuambia kwamba wanaohesabiwa hapo ni watu walio chini yako.

## Umewapita watu gani?

Pasentaili bila kundi haina maana, na ripoti moja inaweza kutumia makundi mawili kwa wakati mmoja. SAT ni mfano mzuri kwa sababu imekuwa ikionyesha pasentaili mbili kwa alama ileile. Moja inamlinganisha mtahiniwa na wanafunzi wa Marekani wa darasa la 11 na la 12 kwa ujumla, wakiwemo wale ambao kwa kawaida hawafanyi SAT kabisa. Namba hiyo ni makadirio. Nyingine inamlinganisha na waliofanya SAT kweli katika miaka ya karibuni. Ya kwanza kwa kawaida huwa juu zaidi, kwa sababu kundi lake lina watu ambao hawakujiandaa wala hawakukusudia kwenda chuo. Mwombaji anayetaka kujua atakavyoonekana mbele ya ofisi ya udahili anapaswa kuisoma ya pili, kwa kuwa washindani wake wako humo. Ile ya kwanza inapendeza zaidi machoni, ila inajibu swali ambalo chuo hakijauliza.

GRE unalionyesha jambo hilihili kwa upande mwingine. Sehemu yake ya lugha na sehemu yake ya hesabu hutumia mizani ileile, kutoka 130 hadi 170, na kundi la watahiniwa ni lilelile. Lakini 160 kwenye lugha imekuwa ikitoa pasentaili inayozidi 80, huku 160 kwenye hesabu ikimwacha mtu karibu na katikati. Watahiniwa wengi wa GRE wanatoka kwenye uhandisi, sayansi na fani nyingine za namba, na hao hujazana kwenye alama za juu za hesabu. Mwombaji wa shahada ya historia mwenye 160 na 160 akiona pasentaili ya hesabu imelala, asiipigie mbio kabla ya kuuliza kama idara anayoiomba inaitazama. Mwombaji wa uhandisi mwenye namba hizohizo ana sababu ya kuifanyia kazi, kwa maana kundi lile ndilo atakalosimama nalo mlangoni.

## Namba ya tatu inayoleta mkanganyiko

Kati ya asilimia na pasentaili, ripoti nyingi huweka namba nyingine: alama za mizani. Hizi ndizo 160 za GRE na 1200 za SAT. Hutengenezwa kwa kuchukua maswali uliyopata na kuyahamishia kwenye mizani isiyobadilika, ili aliyepewa karatasi ngumu kidogo asiumizwe na aliyepewa rahisi asipendelewe. Alama za mizani si asilimia, wala si pasentaili.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kuzigawanya. Mtu anachukua 160, anagawanya kwa 170, anapata asilimia 94, na anajiona amefanya karibu mtihani wote. Hesabu hiyo haina msingi, kwa sababu mizani ya GRE inaanza 130 na si sifuri. Aliyepata alama ya chini kabisa angepata asilimia 76 kwa hesabu hiyohiyo. Kwa SAT mambo ni yaleyale: mizani inaanza 400, kwa hiyo 1200 gawanya kwa 1600 haikuambii kwamba umepata robo tatu ya maswali. Ukitaka asilimia ya maswali uliyopata, tafuta idadi ya maswali kwenye ripoti. Isipokuwepo, asilimia hiyo haipatikani, na ni afadhali kuikosa kuliko kuibuni.

## Hatua moja ya pasentaili si sawa na nyingine

Hapa ndipo hata walimu wazoefu hujikwaa. Asilimia hupanda kwa hatua sawa: kwenye karatasi ya maswali 50, kila swali linaongeza asilimia 2, uwe chini au juu. Pasentaili hazipandi hivyo. Katika mbio za watu wengi, kundi kubwa hukimbia katikati likiwa limebanana. Ukiongeza hatua chache ukiwa humo unawapita watu wengi, na ukiongeza hatua zilezile ukiwa mbele, ambako wamebaki wachache walioachana, huenda usimpite hata mmoja.

Kwa namba, chukua mizani yenye wastani wa 50 na mkengeuko sanifu wa 10, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyoachana na wastani, alama zikiwa zimetawanyika kwa umbo la kengele kama ilivyo kwa mitihani mingi mikubwa. Alama 50 iko pasentaili 50. Alama 55 iko 69. Alama 60 iko 84, alama 65 iko 93, na alama 70 iko 98. Kutoka 50 hadi 55 ni alama tano zilizokupandisha pasentaili 19. Kutoka 65 hadi 70 ni alama tano vilevile, nazo zimekupa pasentaili 5 tu. Mwanafunzi aliyepanda kutoka pasentaili 93 hadi 98 ameongeza ujuzi unaopimika sawasawa na aliyetoka 50 hadi 69, ingawa kwenye ripoti anaonekana kama aliyesogea kidogo.

Matokeo yake ni kwamba pasentaili hazijumlishwi na hazitafutiwi wastani. Mtu mwenye pasentaili 50 kwenye karatasi moja na 98 kwenye nyingine, ukimtafutia wastani wa pasentaili utapata 74. Rudi kwenye mizani: alama zake ni 50 na 70, wastani ni 60, na mtu mwenye 60 kwenye karatasi moja yuko pasentaili 84. Tofauti ni pointi 10, na imetokana na njia mbovu ya kuhesabu tu. Nayo 84 yenyewe si jibu la mwisho. Nafasi yake halisi kwa jumla hutegemea jumla za alama za watahiniwa wengine zilivyotawanyika, na waandaaji wa mtihani peke yao ndio wenye orodha hiyo. JEE Main hufanya hivyo: alama ghafi za masomo hujumlishwa kwanza, kisha jumla hiyo ndiyo inayotafutiwa pasentaili yake upya ndani ya zamu, na pasentaili za masomo haziguswi. Ndiyo maana pasentaili ya jumla kwenye ripoti hailingani na wastani wa zile za Fizikia, Kemia na Hisabati. Wapo wanaoandika malalamiko wakidhani kompyuta imekosea.

Kushuka nako husomwa kwa jicho hilo. Mtoto aliyekuwa pasentaili 55 mwaka jana na sasa yuko 47 anaonekana ameporomoka. Kwenye mizani yetu hiyo ni tofauti ya alama 2 hivi, kutoka 51 hadi 49.

Na alama 2 ni ndogo kuliko ukungu wa mtihani wenyewe. Kila mtihani una kosa sanifu la upimaji, yaani kiasi ambacho alama ya mtu huyohuyo ingeyumba kama angeufanya tena kwa karatasi nyingine ya aina hiyo. Mtihani uliotungwa vizuri, wenye kiwango cha uthabiti cha 0.91, ambapo 1 ni matokeo yasiyoyumba kabisa, kwenye mizani yetu ya mkengeuko 10, una kosa sanifu la alama 3:

```
10 × √(1 − 0.91) = 10 × 0.3 = 3
```

Kwa aliyepata 50, alama zinazoanzia 47 hadi 53 hazitofautiani kwa uhakika wowote wa maana, na kwa pasentaili hiyo ni kuanzia 38 hadi 62. Kwa aliyepata 70, upana uleule wa 67 hadi 73 ni pasentaili 96 hadi 99 tu. Ripoti nzuri huchora mstari au kisanduku kuizunguka pasentaili kuonyesha upana huo. Usiuruke ukakimbilia namba ya katikati. Watoto wawili wenye pasentaili 44 na 58 ambao visanduku vyao vinapishana hawapaswi kupangwa mmoja mbele ya mwenzake kwa mtihani huo mmoja.

JEE Main huonyesha pasentaili kwa tarakimu saba baada ya nukta. Hizo zipo ili kupunguza watu kufungana kwenye foleni, na hazimaanishi kwamba mtihani unaweza kupima ujuzi kwa ncha ya sindano kiasi hicho.

## Zikiwekwa bega kwa bega

| Unachouliza | Asilimia | Pasentaili |
|---|---|---|
| Inalinganisha na nini? | Jumla ya karatasi | Watahiniwa wa kundi lililotajwa |
| Karatasi ikiwa ngumu kwa wote? | Inashuka | Haiyumbi sana |
| Kundi likiwa na nguvu zaidi? | Haibadiliki | Inashuka |
| 50 maana yake? | Nusu ya maswali au alama | Uko katikati ya kundi |
| Inaweza kutafutiwa wastani? | Ndiyo, kwa karatasi zenye uzito sawa | Hapana |

## Uishike ipi?

Inategemea uamuzi ulio mbele yako. Ukiwa na swali la kufaulu au kutofaulu, yaani kuna kiwango kilichowekwa na kila anayekifikia anapita, shika asilimia, au alama za mizani kama kiwango kimeandikwa kwa mizani. Leseni na vyeti vya kazi huwa hivyo. Ukihitaji asilimia 70 nawe una 65, hujafika, hata kama umewapita watu 84 katika kila 100. Pasentaili hapo inakupa taarifa nyingine moja tu, kwamba karatasi iliwaelemea wengi. Haikufungulii mlango.

Ukiwa na swali la nafasi chache zinazogombewa, shika pasentaili, kisha uigeuze iwe watu. Hatua hii wengi huiruka. Pasentaili 99 inasikika kama mwisho wa safari, lakini kwenye mtihani wa watahiniwa 1,000,000 inaacha watu 10,000 mbele yako au sambamba nawe. Chukua 100, toa pasentaili yako, zidisha kwa idadi ya watahiniwa, gawanya kwa 100, kisha weka jibu hilo karibu na idadi ya nafasi. Mwenye pasentaili 98 kwenye mtihani huo ana watu 20,000 mbele. Kama nafasi za kozi anayoitaka ni 4,000, tayari anajua kwamba anahitaji chaguo la pili, na amelijua kabla tarehe za maombi hazijapita.

Ukitaka kujua usome nini, pasentaili haikusaidii sana. Inakuonyesha somo ambalo wenzako wamekuacha, lakini haisemi ni mada gani. Hapo rudi kwenye asilimia, tena asilimia ya kila mada kama ripoti inaitoa: aljebra 14 kati ya 18, jiometria 5 kati ya 14. Ila angalia idadi ya maswali. Mada yenye maswali matatu ambayo umepata moja inaonyesha asilimia 33 ya kutisha, na swali moja zaidi lingeifanya 67. Mada yenye maswali chini ya matano au sita isibebeshwe uamuzi peke yake.

Turudi kwa mtahiniwa wetu mwenye 65 na 82. Kama anagombea nafasi, Ufahamu ndio unaomrudisha nyuma: pasentaili 41 iko karibu na katikati, mahali watu walipojazana, na kila swali analoongeza linampitisha watu wengi. Wale 19 waliofungana naye anawapita wote kwa swali moja tu, na kwa njia ya kuhesabu walio chini anatoka 41 na kufika angalau 50, kwa kuwa sasa walio chini yake ni 101 kati ya 200. Kwenye Hesabu swali moja litampitisha watu 7 tu aliolingana nao, yaani pointi 3 au 4 hivi. Kwa muda uleule wa kusoma, faida kubwa ya nafasi iko kwenye Ufahamu. Lakini kama anaingia kwenye kozi inayodai aijue Hesabu kwa asilimia 75 kabla ya wiki ya kwanza, basi Hesabu ndiyo kazi yake, na pasentaili 84 isimlaze.

Ukitaka kulinganisha matokeo ya miaka miwili, usitumie yoyote kati ya hizi mbili kama ripoti ina alama za mizani, kwa kuwa zile ndizo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Asilimia hubadilika na karatasi, pasentaili hubadilika na kundi. Matokeo ya GRE hudumu miaka mitano, na katika muda huo jedwali la pasentaili hutengenezwa upya kila mwaka kwa kutumia watahiniwa wa miaka ya karibuni. Aliyefanya mtihani miaka mitatu iliyopita na kuhifadhi ripoti yake ana alama za mizani ambazo bado ni halali, lakini pasentaili iliyo pembeni yake imepitwa na wakati. Kabla ya kuinakili kwenye fomu ya maombi, achukue alama yake, afungue jedwali la mwaka huu la waandaaji wa mtihani, asome mstari wa alama hiyo, na aandike pasentaili anayoikuta hapo pamoja na mwaka wa jedwali.